Maneno Hamsini na Tano ya Mwanzo

Kila asubuhi, kabla hajatua mkoba wake mezani, Madam Devota aliuliza swali lile lile.

"Lameck, umepitia?"

"Nimepitia, madam."

Kwa wiki tatu na siku mbili sasa, jibu hilo lilikuwa uongo. Si uongo wa kutisha. Ulikuwa mdogo, msafi, umechana nywele, unaweza hata kuupeleka kanisani. Siku ya kwanza ulimkwaruza koo. Siku ya nne ulishuka kama uji. Kufikia wiki ya pili Lameck aliutoa huku anatafuna kitumbua, na kitumbua hakikumkwama.

Walikuwa watu watatu katika vyumba viwili pale Makole, juu ya duka la madaftari, wakiendesha blogu iitwayo Ghala Letu. Bei za mazao, mvua, wadudu, habari za sokoni, yote yalikuwemo. Madam Devota ndiye mwenye blogu na ndiye mhariri. Hilda alikuwa mwandishi, binti wa Mpwapwa, mkataba wake wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi. Na Lameck alikuwa mtu wa mitandao. Nyumbani mama yake aliwaambia wanakwaya wenzake kwamba mwanawe "anaongoza kompyuta", na Lameck hakuona sababu ya kumsahihisha mzazi.

Zamani, yaani mwaka jana, kila makala mpya Lameck aliibeba kwa mkono, kama mtu anayechota maji kwa kikombe: anakopi kiungo, anatunga kapsheni ya Facebook, anatunga ya Instagram, anatunga ya X, anatunga ya Telegram, na akimaliza Hilda amechapisha nyingine. Ndipo akaunda mashine.

Kazi yake ilikuwa hivi. Hilda akichapisha makala, blogu yenyewe huiongeza kwenye orodha yake ya RSS. Orodha hiyo msomaji wa kawaida haioni, ila programu huisoma: kichwa cha makala, kiungo, tarehe, namba ya utambulisho, na muhtasari. Kila robo saa mashine ya Lameck ilipita pale kama mgambo wa soko, na ikikuta namba ambayo haijawahi kuiona, inabeba. Inaipelekea akili mnemba pamoja na maelekezo manne aliyoyaandika Lameck mwenyewe. Kapsheni ya Facebook iwe ndefu kidogo, iwaamshe wanunuzi. Ya Telegram iwe mistari miwili, kwa madalali wasio na muda. Ya X iwe fupi na kavu. Ya Instagram iwe na uchangamfu, kwa vijana waliosomea kilimo lakini jembe wanaliona kwenye picha. Kisha kila moja inakaa kwenye foleni na saa yake, ikingoja kutoka.

Madam Devota alipoonyeshwa mashine hiyo mara ya kwanza alivua miwani, akasema, "Sawa. Ila sharti moja. Mashine iandike, mtu aidhinishe. Hakuna kitu kutoka humo bila jicho la mtu."

Jicho lenyewe lilikuwa la Lameck. Makala tatu kwa siku, kapsheni nne kwa kila makala, jumla mara kumi na mbili kusoma na kubonyeza "Idhinisha". Kwa miezi mitano alisoma, na kwa miezi mitano kapsheni zilikuwa nzuri, wakati mwingine nzuri kuliko zake, jambo lililomuuma kimya kimya. Halafu siku moja akiwa kwenye kikao cha harusi ya dada yake, simu ikawa inalia kila dakika ikiomba idhini, wajomba wanamkata jicho, mshenga amenuna. Akaingia kwenye mipangilio, akakuta kile kitufe kinachosema "Subiri idhini kabla ya kupanga", akakizima. Leo tu, alijiambia. Kesho nakiwasha.

Kesho ilipofika, mashine ilikuwa imefanya kazi vizuri bila yeye. Na mtu akishaona kazi yake inafanyika akiwa amelala, kumwamsha ni shida.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo zaidi, ambalo Lameck pia alilijua peke yake. Orodha ya RSS inaweza kubeba makala nzima au muhtasari tu. Yeye alichagua muhtasari, kwa sababu akili mnemba ikilishwa makala nzima ilikuwa inapiga porojo. Na mwandishi asipoandika muhtasari wake, blogu hukata maneno hamsini na tano ya mwanzo, basi. Haijali sentensi iko wapi. Ni kama kinyozi aliyekatikiwa umeme: kichwa kinabaki hapo kilipofikia. Hilda hakuwahi kuambiwa aandike muhtasari. Lameck alikusudia kumwambia, siku fulani, akipata nafasi.

Na Hilda, sasa, alikuwa na namna yake ya kuandika. Aliandika kama bibi yake alivyosimulia hadithi jikoni: kwanza anakutisha mpaka unakunja miguu, halafu ndipo anakupa pumzi. Madam Devota alimwambia mara nyingi, "Hilda, weka jibu juu." Hilda aliitikia, "Sawa madam," kisha akaandika vile vile, kwa sababu wasomaji walimpenda.

Jumatano hiyo alirudi kutoka soko la mahindi la Kibaigwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nina stori," alimwambia Lameck. "Kuna mama pale sokoni, Bi Mwanahawa, mtu wa Kondoa. Ana ghala. Wamemzushia mahindi yake yana sumukuvu."

"Yana?"

"Hayana, we mwehu! Amepima. Nimekiona cheti kwa macho yangu, cha wiki hii hii, maabara imepitisha shehena yote. Mwenye uzushi ni mwenye ghala la jirani. Nikiitoa hii, kesho mama wa watu anapakia."

"Basi andika. Mashine yangu itamtangaza mpaka dunia nzima isikie."

"Na wewe upitie vizuri, Lameck. Hili ni jina la mtu."

"Kwani nyingine huwa napitiaje?"

Alicheka alipolisema hilo. Baadaye, kila alipokumbuka kile kicheko, alitamani kukirudisha kinywani na kukimeza.

Makala ilichapishwa saa kumi jioni, kichwa chake "Kibaigwa na Wimbo wa Sumukuvu". Ilianza hivi:

"Tangu Jumatatu Kibaigwa nzima ina wimbo mmoja: mahindi ya ghala la Bi Mwanahawa yana sumukuvu. Mpakiaji anamwambia dereva, dereva anamwambia dalali, dalali anamwambia mkewe. Malori mawili yamegeuza bila kupakia. Wakulima waliohifadhi magunia yao humo hawalali. Nami nilipofika ghalani, nilimkuta Bi Mwanahawa amekaa juu ya gunia, kimya, kama mtu aliyefiwa. Nikamuuliza swali moja tu: mama, una cheti? Akainuka, akanipa."

Na kuanzia hapo Hilda aliweka kila kitu: tarehe ya kipimo, matokeo, maneno ya mpimaji, mpaka picha ya cheti. Ila blogu ilipohesabu maneno hamsini na tano kwa ajili ya orodha ya RSS, hesabu iliishia kwenye "mama, una". Neno "cheti" lilikuwa la hamsini na sita.

Mashine ikapita, ikabeba, ikaandika ilichokiona.

Lameck aliamka Alhamisi, akanywa chai, akafika ofisini saa tatu kasoro. Madam Devota alikuwa ameshafika. Hakuuliza kama amepitia. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, simu sikioni, akisema, "Ndiyo mama. Nakuelewa mama. Ndiyo." Alipokata, alimgeuzia Lameck kioo cha simu.

Ilikuwa kapsheni ya Facebook, imetoka saa kumi na mbili na nusu, muda ambao Lameck mwenyewe aliuchagua kwa sababu ndipo wanunuzi wanapoamua waelekee soko gani.

"TAHADHARI WANUNUZI! Mahindi yenye sumukuvu yamebainika katika ghala la Bi Mwanahawa, Kibaigwa. Malori mawili tayari yamegeuza. Wewe unanunulia wapi? Soma zaidi hapa."

Lameck aliisoma yote, kwa mara ya kwanza.

"Hebu niambie," Madam Devota alisema, polepole. "Hii ulipitia?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa fupi. Angesema "hapana", neno moja, habari ikaisha, na pengine kazi ikaisha nayo. Mdomo wake, ambao kwa wiki tatu ulikuwa umezoea, ulitangulia.

"Nilipitia, madam. Ila... niliona inaendana na makala ilivyoanza. Hilda alianza na sumukuvu, mimi nikajua ndiyo habari yenyewe."

Hilda alikuwa mlangoni. Alikuwa ameingia wakati ule ule, mkononi ana mfuko wa maandazi ya watu watatu.

"Hilda," Madam Devota alisema. "Nimekuambia mara ngapi? Jibu liwe juu."

Hilda aliusoma ule ujumbe mara mbili. Lameck alingoja akasirike. Alingoja aseme, wewe Lameck, hukusoma aya ya pili? Maana jibu lilikuwa hapo hapo. Lakini Hilda aliketi tu, akaweka mfuko sakafuni.

"Ni kweli, madam. Nimemponza mama wa watu. Uliniambia."

Lameck akageukia kompyuta yake, maana ndicho kitu pekee chumbani kisichokuwa na macho.

Alifanya haraka kila ambacho mikono inaweza kufanya. Alifuta posti ya Facebook. Alifuta ya Telegram, iliyotoka saa moja. Kwenye foleni alikuta ya X inangoja saa sita na ya Instagram inangoja saa mbili usiku, akazitoa zote. Nyuma yake Hilda alikuwa anaandika kwa kasi, pua imemjaa.

"Nimebadilisha makala," alisema. "Nimeweka cheti sentensi ya kwanza. Sasa mashine itaandika upya, si ndiyo?"

"Haitaandika."

"Kwa nini?"

"Namba ya makala ni ile ile. Imeshaiona, kwake hiyo ni ya jana. Ukibadilisha maneno ndani, yenyewe haina habari."

"Kwa hiyo uongo imeupeleka kwa kila mtu, ukweli haiutambui?"

"Ndivyo inavyofanya kazi."

"Mashine gani hiyo," Hilda alisema, wala hakuwa anatania.

Lameck aliandika masahihisho kwa mkono, akayatuma kote. Watu kumi na wanne waliyapenda. Ile ya kwanza ilikuwa imeshapigwa picha ya skrini na kuingia kwenye makundi ya WhatsApp ya madalali, na huko hakuna kitufe cha kufuta. Nani afungue kiungo asome makala nzima, na bando lenyewe la kupimiana? Watu walisoma kapsheni, wakaamini kapsheni, wakaisukuma mbele.

Mchana Madam Devota alitoa uamuzi. Kesho Hilda aende Kibaigwa akamwombe Bi Mwanahawa msamaha uso kwa uso. Lameck aende naye, apige video ya masahihisho. "Na kuhusu mkataba wako, Hilda," alisema, akitazama dirishani, "tutaongea ukirudi."

Kila mtu mle ndani alijua maana ya kuongea ukirudi.

Usingizi wa Lameck usiku huo ulikuwa wa kubahatisha. Asubuhi alipofika ofisini kuchukua kamera, alikaa kwanza kwenye kompyuta, akafungua mipangilio, akakiwasha kile kitufe cha kusubiri idhini. Alikitazama kilivyobadilika rangi. Sasa hata angekuja mkaguzi, angekuta kila kitu kiko sawa. Wazo hilo lilipaswa kumpa nafuu, badala yake likamfanya azime kompyuta haraka. Njiani Hilda alimgawia karanga. Alizila. Zilikuwa tamu, na hilo pia lilimuudhi.

Bi Mwanahawa aliwapokea mlangoni mwa ghala lake, mtandio wa bluu, macho mekundu ya mtu asiyelala. Lameck alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa na matumaini nayo, kwa kweli. Mtu akikutukana mnakuwa mmelipana kidogo.

"Shikamoo mama," walisema pamoja.

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mmekula?"

"Tumekula, mama."

"Muongo huyo," alisema, akimtazama Lameck. Lameck akashtuka mpaka kamera ikamponyoka begani. Bi Mwanahawa alikuwa anazungumzia chakula. Aliwamiminia chai ya tangawizi, akawasogezea chapati, na hapo tu ndipo alipoketi.

Ghalani magunia yalipangwa mpaka karibu na mabati, kila moja limeandikwa jina kwa wino mweusi: Mishi, Hashimu, Gideoni, Swaumu, Gideoni tena. Hayakuwa mahindi yake. Yalikuwa ya wakulima thelathini na kitu, waliomwachia awauzie. Upande wa kushoto palikuwa na uwazi mpana, sakafu ina punje zilizodondoka.

"Hapo palikuwa pamejaa juzi," alisema. "Jana wamekuja kumi na mmoja kuchukua vyao. Siwalaumu. Mtu ana watoto. Mimi nimeshika mahindi ya watu miaka kumi na tisa, sijawahi kupoteza hata debe. Sasa jina langu limekuwa ugonjwa." Alimgeukia Hilda. "Nilikupa cheti mkononi mwako, mwanangu. Nikakupa na maji ya kunywa. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulijua wataandika hivyo?"

Hilda aliinamisha kichwa. "Kosa ni langu, mama. Niliandika vibaya. Nilianza na uzushi nikachelewa kuutengua. Nisamehe."

"Hilda," Lameck alisema.

"Ngoja nimalize. Madam aliniambia mara nyingi, mimi ni mbishi..."

"Hilda, nyamaza." Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine, nyembamba. "Mama, huyu hana kosa. Makala yake iko sawa. Ukisoma mistari sita tu unakutana na cheti. Ni mimi."

Bi Mwanahawa aliweka kikombe chini.

Lameck akasema yote, na kwa mara ya kwanza maishani hakuweka utani hata mmoja. Alisema kuhusu orodha inayotoa maneno hamsini na tano tu. Alisema kuhusu mashine inayoandika kutokana na hayo, na kitufe, na kikao cha harusi. "Kazi yangu ni kusoma kabla haijatoka. Sijasoma wiki tatu. Hata yako sikuisoma. Niliiona mara ya kwanza jana saa tatu, wakati wewe umeshaiona. Na nilipoulizwa, nikamsukumia huyu."

Nje mpakiaji mmoja alikuwa anapiga mluzi.

Hilda alimtazama muda mrefu. "Maandazi," alisema hatimaye. "Nilikununulia maandazi, Lameck. Ukala. Mbele yangu. Ukala mawili."

"Nilikula."

"Mpigie madam."

Alipiga, akaweka sauti ya nje. Akarudia yote.

"Wiki tatu?" Madam Devota aliuliza.

"Na siku mbili, madam."

"Na kila asubuhi nilikuwa nakuuliza."

"Kila asubuhi."

"Mpe simu Hilda." Hilda aliipokea, akasikiliza, akajibu "ndiyo" mara tatu, mara ya tatu akiwa anafuta jicho kwa kiganja. Kisha akairudisha. Sauti ya Madam Devota ilikuwa tulivu sana. "Lameck, nywila zote mpe Hilda leo hii. Jumatatu usije. Nitakuita nikiweza kukutazama."

"Sawa, madam."

Madam alikata. Lameck alidhani kuna mzigo utashuka mabegani, kama watu wanavyosema. Haukushuka. Ulihama tu begani ukakaa kifuani.

"Umemaliza kuniambia mimi," Bi Mwanahawa alisema. "Lakini mimi nilikuwa najua mahindi yangu ni mazima. Wasiojua wako nje."

"Nitarekodi video, mama, niweke..."

"Kwenye simu? Simu ndiyo iliyonifikisha hapa." Aliinuka, akaelekeza kidole uwanjani, kwenye malori na mizani na makundi ya watu. "Wana miguu, na wewe unayo. Nenda."

Akaenda. Hilda alimfuata hatua chache nyuma na nakala ya cheti, hakutembea sambamba naye.

Ni ajabu namna ilivyokuwa ngumu. Yeye, mtaalamu wa kuipa kila hadhira maneno yake, sasa alikuwa anayasaka moja moja. Madereva hawakutaka maelezo, walitaka jambo moja: yanapakilika au hayapakiliki? "Yanapakilika," alisema, "cheti hiki hapa." Madalali walitaka kujua nani alianza. "Mimi ndiye niliyetangaza," alisema, "sikuwa nimesoma." Mmoja akamwomba arudie kwa sauti ili wenzake wasikie, akarudia. Kwa mnunuzi mmoja kutoka Kondoa, jitu la miraba minne liitwalo Halfani, ilimbidi aeleze habari ya mashine tangu mwanzo, na uwanja ukaanza kumkusanyikia.

"Kwa hiyo wewe ndiye roboti?" Halfani aliuliza.

"Hapana. Mimi ndiye niliyetakiwa kuliangalia."

"Jamani, njooni mwone! Roboti lenyewe linatoka jasho!"

Wakacheka. Siku nyingine Lameck angejibu, na jibu lake lingekuwa kali, uwanja ungeanguka kwa kicheko. Alisimama tu akaacha wacheke mpaka wachoke. Halfani alipomaliza, alichukua bambo lake, ule mrija wa chuma wenye ncha unaochomwa gunia, akaenda ghalani, akachoma magunia manane, akajaza mfuko wa punje.

"Cheti nimekiona," alimwambia Bi Mwanahawa, sasa bila utani. "Na wewe nakujua. Lakini nikipeleka mzigo huu, na wateja wangu wote wameona ile picha, nitasema nini? Napeleka sampuli yangu ikapimwe. Majibu yakija vizuri, wiki ijayo napakia. Leo siwezi."

"Wiki ijayo bei itakuwa imeshuka, Halfani."

"Najua, dada."

Akaenda zake. Bi Mwanahawa aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa pole ya msiba.

Saa nane, mkokoteni wa punda ulisimama mlangoni. Aliyeshuka alikuwa mzee mrefu, mkavu, kofia ya sufu juani.

"Mbukwenyi," alisalimu.

"Mbukwa, mzee Gideoni," Bi Mwanahawa alimjibu Kigogo, kisha akahamia Kiswahili. "Na wewe umekuja kuchukua?"

"Na mimi, mama. Samahani sana."

Lameck alimsogelea upesi. "Shikamoo mzee. Usiyatoe. Nakuomba. Ile habari ni ya uongo, mimi ndiye niliyeitoa, cheti hiki hapa."

Mzee Gideoni alikipokea, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha. "Marahaba. Nimekusikia, mwanangu. Hata wewe nakuamini, sura yako ni ya mtu aliyekosa." Akatoa kwenye mfuko wa koti simu yenye ufa, akaonyesha ile picha ya skrini. TAHADHARI. "Lakini mke wangu ameiona hii. Wakwe zangu wameiona. Nikiwaambia kuna kijana amenieleza sokoni, watasema kijana gani? Hii imeandikwa."

Mzee aliingia ghalani, akalitafuta jina lake, akainama, akashika gunia kwa pembe. Halikunyanyuka. Akapumzika, mkono kiunoni, akajaribu tena.

"Lameck," Bi Mwanahawa aliita kutoka kwenye kiti chake. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Msaidie. Mgongo unamsumbua."

Alivua shati, akachuchumaa, wapakiaji wakamtwisha. Gunia lilimkandamiza shingo, na wino wa jina la mzee ukamgusa shavu. Alilitoa nje, akaliweka kwenye mkokoteni, akarudi. La pili. La tatu. Kila alipotoka alipita mbele ya kiti cha Bi Mwanahawa, na kila alipopita mama yule alivuta miguu yake ndani kidogo ili apite vizuri. Hilda alisimama kwenye mizani, akihesabu kwa midomo bila sauti. Yalikuwa magunia tisa, na yalipokwisha, uwazi wa ukutani ulikuwa umeongezeka hatua tatu.

"Ahsante, mwanangu," mzee Gideoni alisema, akimshika mkono kwa mikono miwili. "Mungu akubariki."

Lameck alibaki ameinamisha kichwa mpaka mkono ukaachiwa na magurudumu yakaanza kulia kuelekea barabarani. Alipoinua uso, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesimama mlangoni na vijana wawili wa kubeba, akiangalia majina kwenye magunia, simu mkononi.

Hilda alimsogezea kile cheti. Bado hakumtazama usoni, ila alimsogezea.

Lameck alifuta jasho kwa shati, akakipokea, akamwendea yule mama.

"Shikamoo, mama," alianza. "Kabla hujachukua, naomba nikueleze nilichofanya."